Kila Kijana Apite Kila Kituo: Zamu ya Kujifunza Katika Karakana ya Samani

Mafundi wenzangu, wenye karakana na mnaofikiria kufungua, asanteni kwa kuja. Leo nimekuja na jambo moja tu: jinsi ya kumzungusha kijana kwenye kazi zote za useremala bila kitanda cha mteja kulala karakanani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na kijana mwenye mkono mzuri sana wa msasa. Akipitisha msasa kwenye mninga, ukigusa unadhani umegusa kioo. Kwa sababu alikuwa mzuri nikamwacha hapo hapo, na oda zilikuwa zinatoka. Alikaa kwangu karibu miaka mitatu. Siku aliponiaga akafungue sehemu yake, nilimpa mti na patasi atoboe tundu la mguu wa kiti, nikagundua hajui aanzie wapi. Nilikuwa nimemlea saidia fundi, siyo fundi. Jambo lile liliniuma, na bado linaniuma.

Basi nikaamua kuzungusha. Jumatatu moja niliwahamisha wote kwa pamoja: wa kukata aende kwenye viungo, wa viungo aende kuunganisha, wa kuunganisha aende kwenye msasa na vanishi, wa vanishi aende kukata. Wiki hiyo tulikuwa na oda ya viti sita na meza ya chakula. Viti sita ni miguu 24, na miguu ile yote lazima ichorwe kwa kipimo kimoja. Mnakijua kile kifaa cha kuchora mstari, chenye kichwa kinachokazwa kwa skrubu. Kijana wa kwanza alikwisha kuchora miguu 10, akichora kutoka upande wa uso wa mbao. Aliyempokea alilegeza skrubu akaikaza upya, halafu akachora kutoka upande wa nyuma. Kwa macho huoni tofauti. Tulipokuja kuunganisha, kwenye viti vingine mbao ilikaa sawasawa na mguu, kwenye vingine ikatokeza mbele. Matundu yalishatobolewa, kwa hiyo miguu 14 ilikwenda kuwa kuni, na mteja alisubiri wiki tatu zaidi.

Watu wengi wakifika hapo husema kuzungusha vijana kunaua kazi. Mimi nilikaa nikalitazama vizuri, nikaona tatizo ni kwamba siku ile kila kituo kilikuwa na mgeni, na hakuna hata kimoja kilichobaki na mwenyeji wa kumwonyesha.

Sasa tunafanya hivi. Vituo ni vinne vile vile: kukata na kuranda, viungo, kuunganisha, msasa na vanishi. Vijana ni watano. Yaani siku zote kuna kituo kimoja chenye watu wawili, mwenyeji na mgeni, na vitatu vyenye mtu mmoja mmoja. Baada ya wiki mbili mwenyeji anamwachia mgeni kituo, yeye anasogea kituo kinachofuata, na huko sasa yeye ndiye mgeni. Wiki mbili nyingine, aliyemkuta pale anasogea mbele. Wawili wawili hao wanazunguka karakana kama mshale wa saa, na kila siku uliyonayo kuna mgeni mmoja tu nyumba nzima.

Fuateni kijana mmoja muone. Anaingia kwenye viungo, wiki mbili anaonyeshwa. Mwenzake anaondoka, anabaki peke yake wiki sita, na hapo ndipo mkono unapokomaa. Halafu anakuja mgeni mwingine, na sasa ni yeye anayeonyesha, wiki mbili. Jumla wiki 10 kwa kituo, wiki 40 kwa mzunguko mzima. Zile wiki mbili za mwisho msizione ndogo. Kijana anapomweleza mwenzake kwa nini ulimi ukatwe nje ya mstari na siyo juu yake, utamsikia anakwama, na hapo unajua bado hajaelewa. Mwenye vijana wanne aunganishe vituo viwe vitatu. Kila mmoja atakaa wiki nane, na hesabu inakwenda vile vile.

Wiki mbili ni makadirio. Zamu haibadiliki Jumatatu, inabadilika oda ikiisha pale kituoni. Aliyeanza kuchora miguu ndiye anayeimaliza, hata ikichukua siku tatu zaidi, na ile skrubu haiguswi na mtu mwingine mpaka mguu wa mwisho.

Sasa mgeni anashika mbao gani? Kwenye viungo, siku za mwanzo anapewa vipande vya paini vilivyobaki. Anakata ulimi wa theluthi moja ya unene wa mbao, anautia kwenye tundu. Namfundisha kuukagua mwenyewe: ukiingia kwa kusukuma na mkono, na kumalizikia kwa kugonga kidogo na nyundo ya mbao, ni mzuri. Ukidondoka ukigeuza mbao, umelegea, na gundi haitauponya. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu, tazama mdomo wa tundu, utaona ufa mwembamba unaofuata uzi wa mti, na ufa ule utafunguka kiti kikikaliwa. Akipata vitano mfululizo vizuri, anaingia kwenye kazi ya mteja, ila kwa kuanzia na mbao za chini zisizoonekana. Kwenye vanishi anaanza na chini ya meza na nyuma ya kabati. Kwenye kukata, wiki zile mbili haendeshi mashine. Anapima, anatumia msumeno wa mkono na randa, na anapokea mbao upande wa pili. Hilo sina mjadala nalo, vidole haviji mara mbili.

Kuna msimu mmoja sibadilishi mtu kwenye vanishi, nao ni masika. Hewa ikiwa na unyevu, vanishi ya kupuliza kwa kompresa inaweza kufanya ukungu mweupe, na inahitaji mtu anayejua kusubiri jua. Mgeni ataona ukungu, ataongeza koti jingine juu yake, na hapo utakwangua meza nzima.

Tena mambo ya tarehe. Kituo kinachobana karakana yangu ni viungo. Fundi mzoefu anamaliza viungo vya kitanda cha futi 5 kwa 6 kwa siku moja. Mgeni na mwenyeji wake huchukua mbili. Kwa hiyo kabla sijamwahidi mteja, natazama ubaoni, pale nilipoandika kwa chaki nani yuko wapi. Wawili wakiwa kwenye viungo, naongeza siku moja kwa kila kitanda kilicho kwenye foleni. Oda ya vitanda vitatu niliyozoea kusema siku tisa, nasema 12. Wako wanaokwenda kwa jirani, lakini wengi wanakubali, mradi siku ya 12 kitanda kiwepo.

Mtaniuliza, kijana akiondoka katikati je? Zamu inasimama pale pale. Kama aliyetoka alikuwa peke yake kituoni, fundi mwenzangu anakishika kile kituo, na wale wawili wanabaki walipo mpaka nipate kijana mwingine. Akija, naye anakaa wiki mbili na fundi kwenye pengo lile, fundi anatoka, ndipo mshale unaanza tena kutembea.