Barua pepe inavyomwambia mtumaji kuwa umeifungua, na jinsi ya kuizima

Karibuni. Leo nipo Majengo, Dodoma, nyuma ya kaunta ya shangazi yangu mwenye duka la steshenari, kwa sababu kisa kimeanzia hapa hapa.

Shangazi alikuwa anatafuta mashine ya fotokopi. Muuzaji mmoja akamtumia profoma kwa barua pepe. Akaifungua kwenye simu saa nne usiku, kitandani, akaiangalia akanyamaza. Alitaka kukaa kimya siku mbili tatu ili bei ishuke. Asubuhi, hata chai hajamaliza, simu ikaita: "Mama, nimeona jana usiku ulipitia bei zetu, tuendelee?" Shangazi akaniuliza kama simu yake ina mtu ndani. Haina. Barua yenyewe ndiyo iliyosema.

Fuatana nami kwenye kompyuta. Fungua Gmail, ingia kwenye barua yenyewe, bonyeza nukta tatu zilizo pembeni upande wa kulia, kisha `Show original`. Hapa unaona barua ikiwa uchi, kabla haijapambwa. Bonyeza Ctrl na F, andika `<img`, uone inakupeleka wapi. Kwa shangazi tulikuta mstari wa namna hii (anwani nimeibadilisha):

```
<img src="https://bei.example/n.gif?m=7c41e9"
 width="1" height="1">
```

Kwako huenda utaona `=3D` kila penye alama ya sawasawa. Usishtuke, ndivyo barua inavyofungashwa ili isafiri. Ukikuta mrundikano wa herufi zisizosomeka kabisa, imefungashwa kwa namna nyingine. Iache, jaribu barua tofauti.

Sasa tuusome mstari. Upana 1, urefu 1: picha ya nukta moja, tena haina rangi, kwa hiyo hata ukiangalia kwa miwani huioni. Faili lake linaweza kuwa na baiti 43 tu. Hiyo ndiyo wanayoiita pikseli ya kufuatilia. Lakini picha yenyewe haina kazi. Kazi iko kwenye `m=7c41e9`. Namba hiyo amepewa shangazi peke yake. Mteja mwingine wa profoma hiyo hiyo ana namba yake. Na picha haiko ndani ya barua, iko kwenye seva ya muuzaji. Barua ikifunguliwa, programu inakwenda kuiomba picha kule, na seva inaandika kwenye daftari lake kwamba picha ya 7c41e9 imeombwa.

Daftari hilo linaonekanaje? Nina seva yangu ndogo ya majaribio. Nikajitumia barua yenye pikseli, nikaifungua kwenye programu ya kompyuta huku picha zimeruhusiwa. Tazama:

```
203.0.113.25 - - [14/May/2025:06:14:09 +0000]
"GET /n.gif?m=jaribio1 HTTP/1.1" 200 43
```

Mwanzoni ni anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha intaneti niliyotumia. Kisha muda, hadi sekunde. Hapo msichanganye: 06:14 ni saa za dunia, ongeza tatu upate 09:14 za Tanzania, yaani saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Seva nyingi huandika pia aina ya programu na kifaa. Anwani ya IP inaweza kukisia mji, ila ukiwa kwenye data ya simu makisio hayo mara nyingi hukosea, kwa sababu anwani inayoonekana ni ya mtandao wa simu na siyo ya nyumba yako.

Sasa kwa mtumiaji wa Gmail kama shangazi kuna tofauti. Tangu Desemba 2013 kwa kompyuta, na baadaye kwa simu, Gmail haiachi kifaa chako kiende chenyewe kwa muuzaji. Google ndiyo inayoiomba picha, halafu inakuletea. Kwa hiyo kwenye daftari la muuzaji anwani ni ya Google, na mwishoni utakuta neno `GoogleImageProxy`. Muuzaji hakujua kama shangazi yuko Majengo au Mwanza. Lakini ile namba imepita, na muda umepita. Na katika biashara, muda ndio aliokuwa anautaka.

Sasa tuzime. Kwenye kompyuta, bonyeza gia, kisha `See all settings`. Kwenye ukurasa wa `General` shuka hadi `Images`, chagua `Ask before displaying external images`. Usiondoke! Shuka hadi chini kabisa ubonyeze `Save Changes`. Wengi wanakwama hapo. Kwenye simu, fungua menyu, `Settings`, chagua akaunti yako, tafuta `Images`, chagua la kuuliza kwanza. Mwenye akaunti mbili, afanye kwa zote mbili. Wa Thunderbird, ile programu ya barua pepe ya kompyuta, hamna kazi: yenyewe huzuia picha za nje tangu mwanzo.

Kuanzia hapo barua inafunguka ikiwa na nafasi tupu penye picha, na juu kuna kitufe cha kuonyesha. Ukikibonyeza, picha zote zinaitwa kwa pamoja, na ile nukta nayo. Hakuna kuruhusu nembo ukaiacha pikseli. Na hata ungeweza, isingesaidia: nembo yenyewe inaweza kubeba namba ile ile. Ndiyo maana mimi sihangaiki kuwinda nukta, nazuia zote. Picha zilizopachikwa ndani ya barua hazina shida, hizo hazimwiti mtu.

Mpaka wake uko wapi? Ukibonyeza kiungo ndani ya barua, kiungo nacho kinaweza kuwa na namba yako, na kuzuia picha hakukisaidii. Tena ukimtumia jirani barua hiyo, pikseli inaweza kusafiri nayo: akifungua yeye, daftari linakuandika wewe.

Kuna ndugu yake pikseli, taarifa ya kusomwa. Huyu anabisha hodi mlangoni. Mtumaji anaweka juu ya barua, kwenye ile mistari unayoiona kwa `Show original`, mstari unaoanza na `Disposition-Notification-To`, ukiomba programu yako irudishe jibu kwamba barua imeonyeshwa. Ni ombi tu. Thunderbird kwa kawaida inakuuliza, nawe unakubali au unapuuza. Ukichoka kuulizwa, ingia `Settings`, `General`, `Return Receipts`, chagua `Never send a return receipt`. Kuzuia picha hakugusi ombi hili, na kukataa ombi hakuzuii pikseli. Ni milango miwili.

Tupime kabla sijafunga kamera. Najitumia barua nyingine, `m=jaribio2`. Naifungua, nasoma neno kwa neno. Daftari kimya. Sasa nabonyeza kuonyesha picha... mstari huo umeingia. Kwa hiyo mpangilio unafanya kazi.

Shangazi naye aliomba bei kwa muuzaji wa pili baada ya kuzima. Akaisoma siku hiyo hiyo, tena mara mbili. Siku ya nne yule muuzaji akapiga simu: "Samahani mama, ile barua yetu ulishaipata?"