Pua ya koko imepotea wapi? Kuupanga upya mwanga wa picha ya flashi kabla ya kuigeuza mchoro

Mhadhara uliotolewa mbele ya wachoraji na mafundi wa kuchapa fulana, Ibanda, Bukavu

Karibuni, mama, baba, na ninyi wadogo zangu mliobanana pale dirishani. Umeme ukikatika msitoke, kompyuta yangu ina chaji ya kutosha, na giza litatusaidia kwa jambo nitakalowaonyesha baadaye.

Kijana mmoja aliniletea picha katika simu yake. Ni koko wake, mama wa mzazi wake, amepigwa picha usiku sebuleni, siku ya harusi. Amefunga kilemba cheupe, amevaa kikwembe, na mkono wa kulia ameunyosha mbele na glasi ya juisi, kama anamwambia mpiga picha, chukua, unywe. Familia ilitaka sura hiyo iwe mchoro wa kuchapa kwenye fulana: rangi nne, fremu nne.

Nilikuwa na haraka. Nikaifungua picha kwenye programu ya GIMP, nikaenda `Colors > Threshold`, ile inayoitwa `Seuil` kwa wenye programu ya Kifaransa, nikasogeza kitelezi huku na huku. Kilichotoka ni hiki mnachokiona ukutani: sahani nyeupe mahali pa paji la uso, nyusi mbili, matundu mawili ya pua bila pua yenyewe, na mkono mweupe kabisa kama umevaa glavu. Kijana akaangalia, akacheka kwa adabu, akasema, "Yaya, huyu si koko. Huyu ni mzimu wa koko."

Alikuwa na haki. Lakini kosa halikuwa la `Threshold`. Amri ile inafanya kazi moja tu: inauliza kila nukta ya picha, wewe namba yako ya mwangaza ni ngapi? Nyeusi tupu ni 0, nyeupe tupu ni 255. Walio juu ya mpaka wanakuwa weupe, walio chini wanakuwa weusi. Sasa, pua inaonekana kwa sababu upande wake mmoja umepata mwanga na mwingine umekosa. Flashi ya simu imekaa ubavuni mwa lenzi. Inaangalia kutoka palepale jicho la kamera linapoangalia, kwa hiyo vivuli karibu vyote vinaanguka nyuma ya vitu, mahali ambapo kamera haioni. Pande zote mbili za pua zinapata mwanga sawasawa. Kinachobaki kutofautisha nukta ni weusi wa nyusi, weupe wa kilemba, na umbali kutoka kwenye simu. Hakuna habari ya umbo pale. Na msidhani kuongeza kontrasti kutaileta. Nimejaribu miaka: nyusi zinakuwa nyeusi zaidi, pua inabaki imepotea.

Kwa hiyo kazi ya kurudisha umbo tunaifanya kabla ya kuigeuza picha mchoro.

Nianze na ule mkono. Mwanga wa flashi unapungua kwa mraba wa umbali. Uso wa koko ulikuwa kama mita 1 kutoka kwenye simu, mkono kama sentimita 70. Gawanya 1 kwa 0.7, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata karibu 2. Mkono umepokea mwanga mara mbili ya uso, ingawa ngozi ni ileile. Dawa yake ni kuchagua mkono na glasi, kuufifisha ukingo wa uteuzi kidogo, kisha `Colors > Exposure` na kuweka -1, maana kila hatua moja ya chini inagawa mwanga kwa mbili. Mkono ukarudi kuwa wa mtu yuleyule.

Halafu ming'ao. Juu ya paji la uso na ncha ya pua palikuwa na madoa ya 255, yameungua. Ukiyapunguza kwa `Exposure` hupati ngozi, unapata kiraka cha kijivu, kwa sababu ndani yake hakuna kitu kilichohifadhiwa. Nilichukua rangi ya ngozi ya pembeni na kuyapaka kwa brashi laini, nguvu ya asilimia 25, mara kadhaa. Lakini hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu masomo mengi yametengenezwa kwa nyuso nyeupe: ngozi yetu nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kitu kingine. Ukiufuta wote, umemfanya koko kuwa wa udongo mkavu. Mng'ao unahamishwa, haufutwi. Mwanga mpya ukija kutoka nyuzi 45 kushoto kwa kamera, juu kidogo ya kichwa, mng'ao unahamia nusu ya pembe hiyo, pale ngozi inapoangalia katikati ya taa na jicho lako. Sogea kidogo tu kushoto, basi. Na ile nukta nyeupe katikati ya mboni ihamie juu kushoto, la sivyo macho yatasema flashi wakati uso unasema dirisha.

Sasa mtoto aliye karibu na swichi azime taa. Hili ni chungwa, na hii ni tochi ya simu. Nikiiweka tochi karibu na jicho langu, chungwa linakuwa duara bapa, kama koko. Nikiisogeza nyuzi 45 kushoto, tazameni kivuli kimefika wapi. Kimekula nusu? Hapana. Ni mwezi mwembamba tu upande wa kulia. Ukipima kutoka katikati ya chungwa hadi ukingo wake, kivuli kinaanza baada ya sehemu 7 kati ya 10. Nusu nzima inakuwa nyeusi pale tu tochi inapofika ubavuni kabisa, nyuzi 90. Hili ndilo kosa ninaloliona kila wiki: mtu anasema mwanga wake unatoka dirishani mbele-kushoto, halafu anapaka nusu ya uso giza. Mtazamaji hajui pembe, ila anajua kuna uongo. Washa taa, asante.

Kupaka kivuli chenyewe, mimi situmii brashi nyeusi. Natengeneza picha mbili. Ya chini ni ile niliyoisafisha mkono na ming'ao. Naitolea nakala juu yake, nakala naipunguza kwa `Exposure` -2, yaani robo ya mwanga. Juu ya nakala hiyo naweka maski nyeusi, nayo inaificha nakala yote. Kisha napaka nyeupe kwenye maski palepale ninapotaka kivuli. Uzuri wake ni kwamba maua ya kikwembe yanabaki maua ndani ya kivuli, hayageuki tope. Ila usitoe nakala kabla ya kusafisha, maana utakuja kuona mng'ao wa flashi unawaka ndani ya giza lako.

Kwa koko nilianza na shavu la kulia, kwa brashi laini, kwa sababu shavu linageuka polepole. Kisha vivuli vinavyoangushwa: pua juu ya shavu, ikielekea chini kulia, kidevu juu ya shingo, ukingo wa kilemba juu ya paji, herini juu ya shingo. Hivi napaka kwa brashi ngumu pale kitu kinapogusana na ngozi, na laini kadiri kinavyokwenda mbali. Kile cha pua kilikuwa kifupi kuliko ukucha wa kidole gumba kwenye skrini yangu, na ndicho kilichomrudisha koko. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ule mstari mweusi wa flashi kando ya kichwa. Nilikata ukuta wote, kwani ungekuwa ushahidi wa taa ya pili.

Nilipounganisha picha zile mbili kuwa moja na kurudi `Threshold` nikakutana na jambo ambalo nilikuwa sijalifikiria. Ngozi iliyoangazwa ilikuwa na namba 110 hivi, na kivulini 56. Kilemba kilichoangazwa kilikuwa 240, na kivulini 128. Hesabuni: kilemba kilichoko gizani kina mwangaza kuliko shavu lililoko kwenye mwanga! Na hiyo ni sahihi kabisa, kitambaa cheupe ndivyo kilivyo. Lakini mpaka mmoja hauwezi kuwatumikia wote wawili. Ukiuweka 80, ngozi inagawanyika vizuri na kilemba chote kinabaki cheupe bila mkunjo. Ukiuweka 185, kilemba kinapendeza na koko anakuwa mweusi tii. Basi nilikata ngozi, kilemba na kikwembe kila kimoja peke yake. Ngozi nikaipa 80, kilemba 185, na kikwembe nikakitafutia mpaka wake kwa jicho kwa sababu maua yana rangi nyingi. Hapo ndipo zile rangi nne zilipopata kazi: mbili za ngozi, mbili za nguo.

Dalili moja ya kuangalia: ukingo wa kivuli ukitoka na vidoa kama mchanga, ujue umepaka mpito mpana mno, na nukta za kelele za simu, zile chembechembe za picha ya usiku, zinarukaruka juu na chini ya mpaka. Rudi kwenye maski, ufinye mpito, au weka `Gaussian Blur` ya piseli 3 au 4 kabla ya `Threshold`. Kwenye fremu ya kuchapa vidoa hivyo vinaziba au vinatoka kama upele.

Mama mmoja pale mbele ameuliza kuhusu picha ya familia nzima, watu kumi na wawili katika safu tatu. Ndiyo mama, safu ya nyuma utaiinua kwa `Exposure` ya kuongeza, kama nilivyoushusha mkono. Ila kama wamesimama mita 3 kutoka kwenye simu na wa mbele mita 1, wamepata sehemu 1 kati ya 9 ya mwanga. Simu ikiwa ya kawaida, ukiwainua hivyo utainua kelele, si sura. Hao nawachora kwa mkono, au naomba picha nyingine ya mchana.

Na wewe mdogo wangu, umeuliza kuhusu miwani. Kioo kimerudisha flashi yote, na jicho lililokuwa nyuma yake halipo tena. Nilimtuma mteja wa namna hiyo kurudi nyumbani, ampige baba yake picha mlangoni saa kumi jioni, ubavu kwa nje. Alirudi na picha ambayo sikuipaka kivuli hata kimoja, nikamtoza nusu bei.