Barua kwa Mwenye Nyumba Bomba Linapopasuka

Wapangaji wenzangu, hamjambo. Leo tutaandika barua moja tu. Mfano wetu ni wa kubuni, ila umejengwa kwa mambo ya kawaida Nairobi: chumba kimoja ghorofa ya pili, na nyuma ya sinki kuna bomba la plastiki aina ya PPR linalopanda ukutani na kulisha vyumba vitatu. Usiku wa tarehe 14 Juni 2025 kiwiko cha bomba hilo, yaani kiungo cha kona, kiliachia. Maji yalilowesha godoro, zulia na televisheni.

Wengi huanza barua kwa hasara. Mimi ningeanza na historia ya matengenezo, kwa sababu mwenye nyumba atajitetea kwamba hakujua bomba ni bovu. Basi mwonyeshe kwamba alijua, tena tangu lini. Kila tukio libebe mambo matatu: siku uliyotoa taarifa na kwa njia gani, siku fundi aliyofika, na kazi aliyoifanya. Kwa mfano:

"Tarehe 3 Machi 2025 nilimwandikia keteka kwa WhatsApp kwamba kiwiko nyuma ya sinki kinavuja. Tarehe 6 Machi fundi alikifunga kwa raba ya tyubu. Tarehe 14 Mei kilivuja tena, nikatoa taarifa siku hiyo hiyo. Tarehe 19 Mei fundi alipaka silikoni juu ya raba. Kiwiko chenyewe hakikubadilishwa."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo uti wa barua. PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi; bomba la milimita 20 huchomwa takriban sekunde tano, kisha husukumwa ndani ya kiungo likiwa bado laini. Joto likipungua, plastiki hazishikani sawasawa. Kiungo cha namna hiyo huvuja polepole, halafu huachia maji ya mgao yanaporudi kwa nguvu. Raba na silikoni hushika nje tu. Tiba ni kukata kipande na kuchoma kiwiko kipya.

Hata hivyo, usijifanye fundi ndani ya barua. Andika ulichokiona: "kiwiko kilitoka chote kwenye bomba." Chanzo aseme fundi aliyekikagua, kwa maandishi. Omba hicho kiwiko kilichotoka, kitie kwenye mfuko na ukihifadhi. Kikishatupwa, mtabaki kubishana kwa maneno matupu.

Picha nazo zina mpangilio. Piga ya chumba kizima kabla hujapangusa maji, ya pili ionyeshe bomba na sinki pamoja, ya tatu kiwiko kwa karibu kando ya rula. Kila kitu kilichoharibika kipate picha yake, na nambari ya utambulisho nyuma ya televisheni isomeke. Zipe namba, na barua izitaje kwa namba hizo. Usifute zile za asili kwenye simu: picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za saa iliyopigwa. Kesi ikifika mahakamani, picha za simu huambatana na cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya.

Kwenye hasara, dai thamani ya kitu kilivyokuwa siku ile. Godoro lililonunuliwa 14,000 miaka miwili iliyopita, dai 8,000. Zulia 3,500. Televisheni 18,000, pamoja na barua ya fundi inayosema bodi imeingia maji na haitengenezeki. Jumla ni shilingi 29,500. Ukidai bei ya dukani, unampa mwenzako nafasi ya kutilia shaka na mengine yote. Taja pia ulichofanya kuokoa mali: saa uliyofunga valvu, vitu ulivyohamisha.

Kwa kuwa bomba linahudumia vyumba vitatu, taja kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Pale inapokodishwa sehemu tu ya jengo, kifungu hicho kinamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya pamoja. Mpira ulio chini ya sinki lako peke yako ni hoja nyingine. Hapo soma mkataba wako kwanza.

Malizia kwa maombi mawili: kiwiko kibadilishwe kufikia tarehe fulani, na fidia ilipwe ndani ya siku 14. Usizuie kodi kwa hasira, maana sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi bado ipo, na dalali anaweza kuja kuchukua hata vilivyosalimika. Chapisha nakala mbili, mpokeaji atie sahihi na tarehe kwenye yako. Siku 14 zikipita kimya, peleka dai kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ukiambatisha nakala hiyo yenye sahihi.