Yai la jogoo na yai lisilo na jogoo

Asanteni, karibuni mketi. Walio nyuma wasogee mbele, kwa sababu ninachotaka kuwaonyesha ni kidogo kuliko punje ya dengu.

Nina sahani mbili hapa mezani. Ya kushoto ina yai la gredi, la kuku wa kizimbani ambaye tangu aanguliwe hajaonana na jogoo. Ya kulia ina yai la kienyeji, kutoka boma ambalo jogoo mmoja anaishi na mitetea minane. Tazameni juu ya kiini. Kila yai lina kidoa cheupe. Cha kushoto ni kidogo, weupe wake umejaa, na kingo zake hazina umbo. Cha kulia kina upana wa milimita 4 hivi, nacho kimejipanga kama pete: weupe kwa nje, katikati pameng'aa. Pete hiyo ndiyo kazi ya jogoo. Ile kamba nyeupe ya ute mnayoiopoa kwa kijiko mkisema ni ya jogoo, imo katika mayai yote mawili. Inashikilia kiini kisiyumbe.

Mbegu ya jogoo hukutana na kiini kabla ute na ganda havijaumbwa, na yai huchukua takriban siku nzima kushuka. Kwa hiyo linapotagwa tayari lina maelfu ya chembe hai. Lakini maelfu hayo yote ndiyo hicho kidoa, ndani ya yai la gramu 55 au 60. Hayaongezi protini wala mafuta ya kupimika, na ulimi hauwezi kuyaonja. Kiini cha kienyeji kikiwa cha rangi ya machungwa, shukuru majani na mahindi ya njano aliyokula kuku. Mpe wa kizimbani chakula hicho hicho, naye atakupa rangi hiyo bila jogoo. Kuna kijana jirani yangu anameza mayai mabichi ya kienyeji kila asubuhi kabla ya kwenda kunyanyua vyuma, eti yana nguvu za jogoo. Anachojiongezea ni hatari ya salmonela, ambayo hutoka kwa kuku mwenyewe au kwa kinyesi kilichoshika ganda, na haiulizi kama yai lina baba.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye joto. Chini ya nyuzi 20 hivi, kidoa chenye pete hulala. Usiku wa Nairobi mwezi wa Julai unakilaza vizuri. Kikipata nyuzi 37 na nusu, yaani joto la kuku anayeatamia, kinaamka: siku ya pili moyo unaanza kupiga, na siku ya tatu mishipa ya damu imetambaa juu ya kiini kama utando wa buibui.

Utando huo niliupata kwenye kikaango changu mwenyewe. Mayai yalitoka mashambani, na nilipouliza nikaambiwa ukweli: kuku mmoja alikuwa analalia, wenzake wakaendelea kutaga katika kiota kile kile, na mkusanyaji akazoa yote pamoja. Yai hilo halikuwa sumu. Nililimwaga hata hivyo, maana joto linalomkuza kifaranga linawakuza vijidudu pia. Wala msichanganye utando na doa moja la damu. Doa hutokana na mshipa uliopasuka ndani ya kuku wakati kiini kinatoka, na hata yai la gredi huwa nalo. Litoe kwa ncha ya kisu, upike.

Kabla ya kununua, ingia mahali penye giza, weka tochi ya simu kwenye upande mpana wa yai. Yai zuri linang'aa sawasawa. Lililoatamiwa linaonyesha mishipa, au kivuli cheusi. Ganda la kahawia linasumbua kidogo. Zungusha yai polepole.

Naam, mama, uliza. Anasema anauza mayai boilo na kachumbari, na kuna mtu anamletea trei za bei ya chini, "mayai safi yasiyo na kifaranga", kutoka kwenye mashine ya kuangulia.

Hayo, mama, usiyachukue. Mwenye mashine humulika mayai yapata siku ya 7, akayatoa yasiyo na mishipa. Ni kweli hayana kifaranga, lakini yamekaa wiki nzima kwenye joto lile lile la kuatamia. Mengine yameshakuwa viza, na ukishayachemsha huwezi kuona ute ulivyokuwa. Akikuletea tena, pasua moja mbele yake kwenye sahani. Ute ukitapakaa kama maji, kiini kikalala bapa au kikapasuka chenyewe, mrudishie trei yake.