Namba Ipo, Lita si Zake: VLOOKUP Isipoambiwa Namna ya Kutafuta

Makarani, wahasibu na wanakamati wa vyama vya ushirika vya maziwa mliofika hapa Nakuru leo, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie makosa ya lahajedwali kwenye malipo ya wafugaji, nami nimechagua kosa moja tu. Nimelichagua kwa sababu kompyuta hailitolei onyo lolote: fomula inaleta lita zinazofanana kabisa na lita za mfugaji wa kawaida, lakini ni lita za mtu mwingine.

Chukueni daftari dogo la wanachama saba, lililopangwa kwa kufuata njia ya lori linalokusanya maziwa kutoka Njoro kuelekea Molo. Katika safu ya E kuna namba za wanachama, na katika safu ya F kuna lita za mwezi. Namba zimeandikwa kwa mpangilio huu, kuanzia juu kwenda chini:

```
418   212
205    96
377   305
130   148
296   187
512    74
344   251
```

Karani anaandaa karatasi ya malipo, anaandika namba ya mwanachama katika A2, kisha anaita lita kwa fomula hii na kuiteremsha hadi chini:

```
=VLOOKUP(A2,$E$2:$F$8,2)
```

Fomula hii ina vigezo vitatu: kinachotafutwa, jedwali, na safu ya kuleta jibu. Kigezo cha nne, kinachosema kama tunataka namba ileile au iliyo karibu nayo, hakikuandikwa. Kisipoandikwa, Excel hukichukua kuwa TRUE, na kwa TRUE fomula huamini kwamba safu ya kwanza imepangwa kuanzia namba ndogo hadi kubwa. Google Sheets na LibreOffice Calc zina chaguo-msingi hilohilo. MATCH nayo, isipopewa kigezo cha tatu, huchukua 1, yaani dhana ileile.

Sasa tufuate hatua za utafutaji wenyewe, kwa maana hapo ndipo chanzo kilipo. Fomula ikiamini kwamba orodha imepangwa, haisomi mistari yote. Hufanya kama mtu anayefungua kamusi katikati, akatazama neno, kisha akaamua aende mbele au arudi nyuma. Tutafute mwanachama 205. Mstari wa katikati ni wa nne, wenye 130. Kwa kuwa 205 ni kubwa kuliko 130, nusu ya juu inaachwa yote, na mwanachama 205 mwenyewe yumo katika nusu hiyo. Inabaki mistari mitatu ya chini, na katikati yake ni 512, ambayo ni kubwa mno, kwa hiyo utafutaji unarudi kwenye 296. Hiyo nayo ni kubwa. Mistari imekwisha, na fomula inaleta jibu la namba ya mwisho iliyokuwa ndogo kuliko 205, yaani 130. Mwanachama 205 anaandikiwa lita 148 badala ya 96.

Mkifuata hatua hizohizo kwa wote saba, mtaona kwamba wanachama 130, 296 na 512 wanapata lita zao sahihi, kwa kuwa wametokea kukaa kwenye njia ya utafutaji. Wanachama 418, 377 na 344 wote wanaishia kwenye mstari wa 296 na kuandikiwa lita 187. Kwa bei ya mfano ya shilingi 50 kwa lita, mwanachama 377 aliyeleta lita 305 anapunjwa shilingi 5,900, ilhali 205 anazidishiwa shilingi 2,600. Ubaya wa kosa hili ni huu: karani akihakiki kwa kumchagua mwanachama mmoja, naye akawa 296, atatosheka kwamba fomula ni nzima. Tena mwanachama mpya akiingizwa kwenye daftari, katikati ya orodha huhama, na aliyepata jibu sahihi mwezi uliopita anaweza kupata la uongo mwezi huu, ingawa hakuna aliyeigusa fomula.

Jumla inaweza kusaidia kulitambua. Daftari lina lita 1,273, lakini karatasi ya malipo inaonyesha 1,118. Hata hivyo, msitegemee jumla peke yake, kwa sababu aliyezidishiwa hufidia kiasi cha aliyepunjwa, na katika orodha ndefu tofauti inaweza kuwa ndogo kiasi cha kupuuzwa. Dalili iliyo wazi zaidi ni kiasi kilekile kujirudia kwa wafugaji wasiohusiana, kama 187 inayotokea mara nne hapa. Kipimo cha uhakika ni kuiuliza fomula imesimama kwa nani, kwa kuileta safu ya kwanza badala ya ya pili:

```
=VLOOKUP(A2,$E$2:$F$8,1)=A2
```

Kila mstari unaojibu FALSE umechukua lita za mwanachama mwingine, na ukijibu #N/A, hakuna aliyepatikana.

Marekebisho yenyewe ni mafupi:

```
=VLOOKUP(A2,$E$2:$F$8,2,FALSE)
```

Unaweza kuandika 0 mahali pa FALSE, na kwa MATCH uandike 0 katika kigezo cha tatu. XLOOKUP hutafuta namba ileile bila kuambiwa, lakini haimo katika Excel ya 2016 wala ya 2019, nazo bado zinatumika katika ofisi nyingi.

Wapo watakaosema kwamba inatosha kulipanga daftari kuanzia namba ndogo. Sikubaliani nao. Daftari likipangwa, wanachama saba watapata lita zao, ndiyo, lakini karani akikosea na kuandika 450, namba isiyo ya mtu yeyote, fomula itamletea lita 212 za mwanachama 418 bila kusita. Kwa FALSE, namba hiyo hutoa #N/A, nalo ndilo jibu la kweli.

Baada ya marekebisho, #N/A zinaweza kuongezeka, na watu huogopa. Mara nyingi namba ya upande mmoja imehifadhiwa kama maandishi, au ina nafasi iliyojificha mwishoni. TRIM huondoa nafasi ya kawaida na VALUE huyageuza maandishi kuwa namba. Nawasihi msizifunike kwa IFERROR inayoandika sifuri, maana mfugaji huyo atakosa malipo na hakuna atakayeuliza. Ziacheni zionekane hadi kila moja ipate maelezo.

TRUE ina kazi yake halali. Chama kinacholipa nyongeza kwa viwango, kwa mfano kuanzia lita 0, 100, 200 na 300, kinahitaji mfugaji wa lita 251 aangukie kwenye kiwango cha 200, na FALSE haitaweza kufanya hivyo. Hapo panga viwango kuanzia kidogo hadi kikubwa, na uiandike TRUE waziwazi, ili karani atakayekuja baadaye ajue kwamba ilikusudiwa.

Kuhusu miezi ambayo tayari imelipwa, msiibadilishe karatasi ya zamani. Tengenezeni nakala, mwongeze safu ya lita zilizoletwa kwa FALSE kando ya zile zilizolipiwa, na safu ya tatu ya tofauti kati yake. Lakini daftari litakalotumika liwe lilelile la mwezi huo, si la leo. Orodha ya wenye tofauti, waliopunjwa na waliozidishiwa, ndiyo itakayopelekwa kwa kamati kabla ya malipo yanayofuata.