Tufe, mcheduara na pia: ujazo unaotoka kwenye vipande

JUMA: Karibuni kwenye kipindi. Leo tuna swali ambalo wasikilizaji wengi waliosoma hesabu za sekondari wamebaki nalo. Kanuni ya ujazo wa tufe ni 4/3 πr³, tunaikariri, tunafaulu mtihani. Lakini hiyo 4/3 imetoka wapi? Mwalimu Rehema, nakuachia.

REHEMA: Asante, Juma. Mimi nashauri tuiweke kando kanuni hiyo kwanza, tuchukue maumbo matatu yenye kimo kimoja. Chukua nusu tufe yenye nusukipenyo cha sentimita 10, uilaze upande bapa ukiwa chini. Pembeni yake weka mcheduara wenye nusukipenyo cha 10 na kimo cha 10. Halafu ndani ya mcheduara huo toboa tundu lenye umbo la pia, mdomo wake ukiwa juu kabisa na ncha yake ikigusa katikati ya kitako.

JUMA: Yaani pia imepinduliwa, ncha chini.

REHEMA: Ncha chini, na usilisahau hilo, nitalirudia. Sasa tunataka kuonyesha kwamba kilichobaki kwenye mcheduara baada ya kutoa pia kina ujazo uleule wa nusu tufe.

JUMA: Lakini havifanani hata kidogo. Kimoja kimevimba juu, kingine kina shimo katikati.

REHEMA: Kwa macho havifanani, ndiyo maana tunavikata. Pitisha kisu kwa ulalo, kwenye kimo cha sentimita 6 kutoka chini, kikate vyote viwili kwa mpigo mmoja. Tuanze na nusu tufe. Kutoka kitovu chake hadi ukingo wowote ni 10. Umepanda 6. Ukichora pembetatu yenye pembe mraba, upande mrefu ni 10, mmoja ni 6, uliobaki ni ngapi?

JUMA: Pitagorasi hiyo. 100 toa 36 ni 64, kipeuo chake 8.

REHEMA: Basi kipande cha nusu tufe ni duara la nusukipenyo 8, eneo lake 64π. Njoo kwenye mcheduara. Kipande chake kizima ni duara la nusukipenyo 10, eneo 100π. Ila katikati kuna tundu. Pia yetu ina nusukipenyo cha 10 na kimo cha 10, kwa hiyo ukipanda 6 kutoka kwenye ncha, tundu limefunguka kwa nusukipenyo cha 6 vilevile. Tunatoa 36π.

JUMA: Inabaki 64π. Sawasawa!

REHEMA: Kimoja ni duara, kingine ni pete, lakini eneo ni lile lile. Jaribu kimo cha 8 mwenyewe.

JUMA: Nusu tufe: 100 toa 64, ni 36. Pete: 100 toa 64, ni 36. Ni hesabu ileile kabisa.

REHEMA: Ndiyo kiini chenyewe. Kwa kimo chochote h, nusu tufe inatoa r² − h² kwa sababu ya Pitagorasi, na pete inatoa r² − h² kwa sababu tundu linapanuka sawa na unavyopanda. Chini kabisa vyote ni duara zima. Juu kabisa vyote vimekwisha.

JUMA: Nikusimamishe hapo. Eneo kuwa sawa ni jambo moja, ujazo ni jingine. Nani ametupa ruhusa ya kuruka?

REHEMA: Kata umbo lote kuwa vipande vyembamba kama chapati. Ujazo wa kipande ni karibu eneo lake mara unene wake. Kila kipande cha upande huu kina mwenzake wa upande ule, chenye eneo hilohilo na unene huohuo. Kadiri vipande vinavyozidi kuwa vyembamba, ile tofauti ndogo ya kingo inakwenda sifuri. Mwitalia Kavalieri aliliandika wazo hili kwenye kitabu chake cha mwaka 1635. Sharti lake ni gumu lakini: maeneo yalingane kwenye kila kimo, si kwenye baadhi tu.

JUMA: Na ndiyo sababu ya ncha kukaa chini?

REHEMA: Ndiyo. Simamisha pia wima, ncha juu, halafu kata kwenye 6. Sasa nusukipenyo cha tundu ni 4, pete ni 100 toa 16, sawa na 84. Haiwi 64. Ujazo wa pia haujabadilika, na jumla bado ni kweli, ila hoja ya kulinganisha kipande kwa kipande imekufa. Wanafunzi wengi wanakwama hapo, wanadhani kanuni imekosea.

JUMA: Haya, tumalizie ujazo wenyewe.

REHEMA: Pia ni theluthi moja ya mcheduara wenye kitako na kimo sawa nayo. Hilo tunalichukua kama limeshathibitishwa. Arkimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alisema uthibitisho wa jambo hilo ulitolewa na Mgiriki mwenzake Eudokso kabla yake. Ukitoa theluthi, zinabaki theluthi mbili. Mcheduara ni πr² mara kimo r, yaani πr³. Nusu tufe ni 2/3 πr³. Tufe zima ni mara mbili yake.

JUMA: 4/3 πr³. Kumbe 4/3 ni theluthi mbili mara mbili!

REHEMA: Na ukiyachukua maumbo mazima yenye kimo cha 2r, yaani pia, tufe na mcheduara wa kitako kimoja, ujazo wao unakwenda kama 1, 2, 3. Arkimedes alilipenda tokeo la tufe na mcheduara hata akataka lichorwe kwenye kaburi lake. Aliuawa Warumi walipouteka mji wake wa Sirakusa, kisiwani Sisili, mwaka 212 KK. Mwaka 75 KK Sisero, akiwa ofisa wa Kirumi kule Sisili, alilitambua kaburi lililofunikwa na vichaka kwa kuona mchoro huo wa tufe na mcheduara.

JUMA: Mtu akitaka kujaribu kwa maji nyumbani?

REHEMA: Anaweza, lakini pia ya karatasi ngumu inawaponza wengi. Wanakata kipande cha duara chenye nusukipenyo cha 10, wakidhani watapata kimo cha 10. Ule ni urefu wa mteremko, si kimo. Kwa pia ya 10 kwa 10, mteremko ni karibu 14.1, na pembe ya kipande unachokata ni kama digrii 255. Ukikosea, utaona mapema: pia ukiijaza mara tatu na kumimina, mcheduara haujai. Ikishajaza sawasawa mara tatu, ndipo uje na nusu tufe. Hiyo inaujaza mcheduara kwa mara moja na nusu.

JUMA: Nipe mfano wa kitu halisi kabla hatujaaga.

REHEMA: Mpira wa miguu namba 5. Usipime kipenyo kwa rula, utakosea. Zungusha futi kamba katikati, utapata kama sentimita 69. Gawa kwa 2π, nusukipenyo ni karibu 11. Mcheduara unaoubana una kimo cha 22, na ujazo wake ni π mara 121 mara 22, kama sentimita za ujazo 8,360. Chukua theluthi mbili.

JUMA: Kama 5,570. Lita tano na nusu na kidogo za hewa ndani ya mpira.

REHEMA: Na lita karibu 2.8 zinabaki kwenye mcheduara, nje ya mpira. Hizo ndizo zingeijaza ile pia ya kimo cha 22.