Mteremko wa duara bila kuitoa y peke yake

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita na walimu wa hisabati, Mtwara mjini)

Shikamooni walimu wangu. Vijana, hamjambo? Walioko nyuma sogeeni mbele kidogo, maana nitaandika ubaoni kwa herufi ndogo.

Leo nina mlinganyo mmoja wa kuanzia: x² + y² = 25. Ni duara lenye kitovu kwenye (0, 0) na nusu kipenyo 5. Swali ni hili: kwenye nukta (3, 4), duara hili linateremka kwa kiasi gani, na mstari unaoligusa hapo, yaani tanjenti, una mlinganyo gani?

Wengi wenu mtakimbilia kuitoa y peke yake. Mtapata y = √(25 − x²), kisha mfanye diferensheni ya kipeuo. Hesabu hiyo inakubali, ila mmeshalikata duara nusu. Kipeuo hicho kinatoa sehemu ya juu tu. Mtahini akiwapa nukta (3, −4), itabidi muanze upya na y = −√(25 − x²), na hapo alama ya kutoa inawapotea watu kila mwaka. Kwa hiyo tuiache y palepale ilipo, ndani ya mlinganyo.

Kabla ya kanuni, tutumie namba. Tumesimama (3, 4). Tusogeze x kidogo, kutoka 3 hadi 3.01. Zamani x² ilikuwa 9, sasa ni 9.0601. Imeongezeka 0.0601. Lakini jumla ni 25 na haibadiliki, kwa hiyo y² lazima ipungue 0.0601 hiyohiyo. Sasa y yenyewe imepungua kiasi gani? Pale y ilipo 4, badiliko dogo la y linaibadilisha y² kwa takriban 2 × 4, yaani mara 8 ya badiliko hilo. Basi y imepungua kama 0.0601 ÷ 8, ambayo ni karibu 0.0075. Ligawe badiliko la y kwa badiliko la x: −0.0075 kwa 0.01 ni −0.75. Mwenye kikokotoo ahakikishe: √15.9399 ni 3.99248, na uwiano kamili ni −0.752. Ukisogea kwa hatua ndogo kuliko hiyo, unazidi kuikaribia −0.75.

Ile 8 ndiyo moyo wa jambo zima. Ilitoka kwenye 2y. Kwa hiyo tunapofanya diferensheni ya y² kwa kufuata x, hatuandiki 2y tukanyamaza. Tunaandika 2y · dy/dx, kwa sababu y² inabadilika kupitia y, na y nayo inabadilika kwa kuifuata x. Hiyo ni kanuni ya mnyororo tu, ile mliyoisoma mwanzoni.

Sasa fanyeni pande zote mbili. x² inatoa 2x. y² inatoa 2y · dy/dx. Na 25 inatoa sifuri, kwa kuwa haibadiliki. Naona daftari nyingi ambamo 25 imebaki imekaa upande wa kulia kana kwamba haijaguswa. Tunapata:

2x + 2y · dy/dx = 0
dy/dx = −x/y

Kwenye (3, 4) jibu ni −3/4. Kwenye (3, −4) ni 3/4. Fomula moja imehudumia juu na chini, kwa sababu alama ya y inaingia yenyewe.

Kosa linalojitokeza hapa ni kuingiza namba mapema. Mtu anaona nukta (3, 4), anaandika 3² + 4² = 25, kisha anafanya diferensheni. Anapata 0 = 0 na anashangaa. Ukishaweka namba, hakuna kinachobadilika tena. X na y lazima zibaki herufi mpaka diferensheni imekwisha.

Kuna kosa jingine ambalo ni baya zaidi, kwa sababu halijitangazi. Itazameni −x/y. Je, 25 imo ndani yake? Haimo. Fomula hii ni ya duara lolote lenye kitovu kwenye (0, 0), la nusu kipenyo 5 au 50. Ukiipa nukta (3, 5) itakujibu −3/5 bila wasiwasi, ingawa 9 + 25 ni 34 na nukta hiyo haipo kwenye duara letu. Hata mlinganyo x² + y² = −25, ambao hauna nukta hata moja ya kuchora, ukiufanyia hatua zilezile unatoa −x/y. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya yote, ni kuiingiza nukta kwenye mlinganyo wa awali pembeni mwa karatasi na kuona kama inakubali. Ni sekunde chache, na ndiyo hakikisho pekee mlilo nalo.

Tuhame kitovu. Tuseme kuna tangi la maji la duara linajengwa Naliendele. Fundi amepigilia kigingi ndani ya kiwanja, tunakiita (0, 0). Mashariki ni x, kaskazini ni y, vipimo kwa mita. Duara la ukuta wa nje ni:

x² + y² − 4x + 6y − 12 = 0

Bomba lililonyooka linatakiwa lipite likiugusa ukuta kwenye (5, 1). Tunahakiki kwanza: 25 + 1 − 20 + 6 − 12 ni 0. Nukta ipo ukutani. Sasa diferensheni:

2x + 2y · dy/dx − 4 + 6 · dy/dx = 0

Angalieni 6y imetoa 6 · dy/dx. Watu wengi hukumbuka dy/dx kwenye y², wakifika kwenye 6y wanaandika 6 tu. Kila mahali y ilipofanyiwa diferensheni, dy/dx inatoka nayo. Kusanyeni zenye dy/dx upande mmoja:

(2y + 6) · dy/dx = 4 − 2x
dy/dx = (2 − x)/(y + 3)

Ingiza (5, 1): −3/4. Tanjenti inapita (5, 1) kwa mteremko huo:

y − 1 = −3/4 (x − 5)

Zidisha kwa 4 na upange: 3x + 4y = 19.

(Swali kutoka ukumbini: “Mwalimu, kwenye duara si ningetumia nusu kipenyo tu? Tanjenti inakutana nayo kwa pembe mraba.”)

Ungeweza, na ni njia fupi. Kitovu ni (2, −3). Kutoka hapo hadi (5, 1) unakwenda 3 mashariki na 4 kaskazini, mteremko 4/3. Wa tanjenti ni −3/4. Imelingana, na ndiyo maana nimeanza na duara: una jibu la pili la kusahihishia la kwanza. Lakini njia yako inategemea kuwepo kwa nusu kipenyo. Mchoro usio duara hauna, na hapo nitakufikisha punde.

Tumalizane na fundi. Mlinganyo 3x + 4y = 19 haumsaidii mpaka uwe vigingi. Chagua x zinazotoa namba nzima: x = 1 inatoa y = 4, na x = 9 inatoa y = −2. Vuta kamba kati ya (1, 4) na (9, −2). Itagusa duara kwenye (5, 1), katikati kabisa ya vigingi viwili. Kuhakiki kwa futi kamba, kabla ya kumwaga zege la msingi: kutoka kitovu hadi (5, 1) ni mita 5, kutoka (5, 1) hadi (1, 4) ni mita 5, na kutoka kitovu hadi (1, 4) ni √50, karibu mita 7.07. Ikisoma 7.07, pembe ni mraba na kamba ni tanjenti. Ikisoma 7.2, kuna kigingi kimehama.

Sasa mchoro ambao y haitoki kirahisi. Mwaka 1638 Descartes aliutoa mlinganyo wa aina hii kama mtihani kwa mwanahisabati mwenzake Fermat, aone kama njia ya Fermat ya kutafuta tanjenti itauweza:

x³ + y³ = 6xy

Nukta (3, 3): 27 + 27 ni 54, na 6 × 9 ni 54. Ipo. Upande wa kulia ni x mara y, na zote mbili zinabadilika, kwa hiyo inatumika kanuni ya zao. xy inatoa y + x · dy/dx. Anayeandika dy/dx peke yake amepoteza nusu ya badiliko. Basi:

3x² + 3y² · dy/dx = 6y + 6x · dy/dx
dy/dx = (2y − x²)/(y² − 2x)

Kwenye (3, 3) ni (6 − 9)/(9 − 6), yaani −1, na tanjenti ni x + y = 6.

Lakini zipo nukta ambapo mgawanyo unakataa, na kuna kukataa kwa namna mbili. Rudini kwenye duara la kwanza, nukta (5, 0): −5/0. Asili ni sifuri, kiasi cha juu si sifuri. Hapo tanjenti imesimama wima, na mlinganyo wake ni x = 5. Usiandike “haina tanjenti”. Tanjenti ipo, kinachokosekana ni namba ya mteremko.

Namna ya pili ni nukta (0, 0) kwenye mchoro wa Descartes. Juu sifuri, chini sifuri. Hapa fomula haisemi wima wala mlalo; inasema haiwezi kuamua, kwa sababu mchoro unajikata wenyewe hapo na una tanjenti mbili. Kuzipata, rudini kwenye mlinganyo wenyewe mkiwa karibu na (0, 0). Chukueni x = 0.1 na y = 0.1: x³ + y³ ni 0.002, wakati 6xy ni 0.06. Vipeo vya tatu ni vidogo mno, kwa hiyo karibu na hapo mchoro unafuata 6xy = 0, na hilo linatimia kwa y = 0 au x = 0. Tanjenti mbili ni mihimili yenyewe. Tawi linaloambaa na mhimili wa x lina y karibu sawa na x²/6; mkiweka x = 0.3 mtapata y karibu 0.015, na mteremko wake hapo ni karibu 0.1, ukishuka kuelekea sifuri kadiri mnavyokaribia makutano.